Kunukuu na kunakili: mwongozo wa hakimiliki kwa anayeandika

Makala yangu moja iliwahi kuchukuliwa nzima nzima, tangu kichwa hadi nukta ya mwisho, ikabandikwa kwenye ukurasa wa mtu mwingine. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kulikuwa na neno "Chanzo" na jina langu. Nilipomwandikia mwenye ukurasa, alijibu kwa mshangao usio na hila: "Lakini si nimekutaja?" Yeye hakujiona mwizi. Aliamini, kama wengi wanavyoamini, kwamba kutaja jina ni kama kulipa nauli: ukishalipa, umepanda kihalali.

Mwongozo huu unahusu jambo hilo moja. Kutaja jina na kuwa na ruhusa ni vitu viwili, na nukuu halali inahitaji zaidi ya jina. Nitaonyesha hatua kwa hatua jinsi ya kupima maneno ya mwenzako kabla ya kuyaweka kwenye andiko lako, na tutakipitia kipande kimoja kifupi kwa karibu hadi tuone mpaka ulipo.

Anza kwa kujua kinacholindwa

Hakimiliki inalinda maneno jinsi mwandishi alivyoyapanga. Wazo lenyewe haililindi, wala tukio, tarehe, takwimu au mada. Ukisoma makala inayoeleza kwa nini watu hukosa usingizi, unaruhusiwa kabisa kujifunza sababu hizo na kuziandika kwa maneno yako, kwa mpangilio wako, na kwa mifano yako. Habari za siku nazo ni hivyo hivyo: kwamba jambo fulani limetokea hakuna anayelimiliki, ila sentensi alizotumia mwandishi wa habari kulisimulia zina mwenyewe.

Ulinzi huo unaanza lini? Unaanza pale kazi inapoandikwa, katika nchi zote zilizomo kwenye Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambazo ni karibu nchi zote duniani. Mkataba unakataza kuifanya haki hii itegemee taratibu za usajili. Basi usipoona alama ya © wala maneno "haki zote zimehifadhiwa", usidhani kazi ni ya bure. Marekani ndiyo iliyochelewa hapa: huko alama hiyo ilikuwa ya lazima kwa kazi iliyochapishwa, na sharti hilo liliondoka tarehe 1 Machi 1989 nchi hiyo ilipoingia kwenye Mkataba. Usajili bado una faida kama ushahidi, na kuna nchi unakohitajika kabla ya kufungua kesi, lakini haki yenyewe haizaliwi na karatasi ya ofisini.

Ulinzi una ukomo pia. Kiwango cha chini cha Mkataba ni uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingi zimepandisha hadi miaka 70. Muda huo ukiisha, kazi inakuwa ya umma na unaweza kuichapisha yote bila kumwomba mtu.

Haki ya mwandishi ina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya kiuchumi: yeye ndiye anayeamua nani anakili, nani atafsiri, nani asambaze, na kwa malipo gani. Hii anaweza kuiuza, ndiyo maana mara nyingi mwenye hakimiliki ni mchapishaji. Ya pili ni ya kimaadili: jina lake litajwe kwenye kazi yake, na kazi isiharibiwe kwa namna inayomvunjia heshima. Mkataba unasema haki hii inabaki kwake hata baada ya kuuza ile ya kwanza.

Ukizishika hizi mbili, yule mwenye ukurasa anaeleweka. Alitimiza ya pili akavunja ya kwanza. Na mtu anaweza kufanya kinyume chake: akachukua aya ya mwandishi aliyekufa miaka 150 iliyopita, akaiweka kama yake. Hapo hajagusa haki ya kiuchumi ya mtu yeyote, kwa kuwa muda umekwisha, lakini amefanya wizi wa maandishi, na mwalimu au mhariri atamwadhibu bila kufika mahakamani.

Kisha jiulize: nanukuu ili iweje?

Mkataba wa Berne, kifungu cha 10, unaruhusu kunukuu bila kumwomba mwenye kazi, kwa masharti. Kazi iwe imekwisha kutolewa kwa umma kihalali. Matumizi yalingane na desturi ya haki. Urefu usizidi ule unaohitajika kwa kusudi lililopo. Chanzo kitajwe, na jina la mwandishi kama limo kwenye chanzo hicho. Sheria za nchi moja moja zimeyaweka haya kwa maneno yao, nyingine zikiwa kali zaidi, kwa hiyo sheria ya mahali unapochapisha ndiyo ya mwisho. Ila mifupa ni hii.

Neno la kushika ni "kusudi". Kila ninapotaka kunukuu, naandika pembeni sentensi moja inayoanza na "nanukuu ili". Nanukuu ili nimpinge. Nanukuu ili nionyeshe jinsi anavyotumia neno hili. Nanukuu ili msomaji aamini kwamba kweli alisema hivyo. Sentensi ikikamilika namna hiyo, nina nukuu. Ikigeuka kuwa "nanukuu ili msomaji aisome, maana ni nzuri", sina nukuu. Ninachofanya ni kuichapisha upya kazi ya mtu. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika uamuzi wa mwaka 2019, ililieleza jambo hili kwa picha ninayoipenda: anayenukuu awe na nia ya kufanya mazungumzo na kazi anayoinukuu. Kesi ilihusu muziki, lakini mwandishi anaielewa haraka, kwamba lazima kuwe na sauti ya pili inayojibu.

Sharti la "kutolewa kwa umma" huwa linasahaulika. Barua aliyokuandikia mtu ni mali yako kama karatasi, lakini maneno yaliyomo bado ni yake. Vivyo hivyo ujumbe wa simu na mswada ambao rafiki amekupa uusome. Hakuna kati ya hivyo kilichochapishwa, hivyo ruhusa ya Mkataba haivigusi. Omba kwanza.

Achana na hesabu ya maneno

Utasikia kwamba maneno 50 ni ruksa, au asilimia kumi, au mistari mitatu. Mkataba wa Berne hauna namba hiyo, wala huwezi kuijenga kutokana na hukumu za mahakama. Wachapishaji huwa na viwango vyao vya ndani vya kuombea ruhusa, lakini hivyo ni vya kujikinga wao.

Kesi mbili zinaonyesha kwa nini. Mwaka 1979 jarida la The Nation la Marekani lilipata mswada wa kumbukumbu za aliyekuwa rais, Gerald Ford, kabla kitabu hakijatoka. Likachapisha makala ya maneno kama 2,250, ambamo takriban 300 yalikuwa ya Ford neno kwa neno. Mswada wenyewe ulikuwa na maneno yapatayo 200,000. Kwa asilimia, hicho ni kiduchu. Na Ford alitajwa. Hakuna aliyeficha kwamba maneno ni yake. Hata hivyo mwaka 1985 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Marekani ilimpa ushindi mchapishaji wa kitabu. Maneno yale 300 yalikuwa moyo wa kitabu, hasa simulizi ya jinsi Ford alivyomsamehe rais aliyemtangulia, Richard Nixon, na jarida la Time, lililokuwa limekubali kulipa ili litoe dondoo za kwanza, lilikataa kumalizia dola 12,500 zilizobaki kwa sababu utamu ulikwisha kumwagika.

Kesi ya pili ni ya Ulaya, mwaka 2009, iliyohusu kampuni iliyokuwa ikitoa dondoo za magazeti. Mahakama ilisema hata maneno 11 mfululizo yanaweza kulindwa, ikiwa ndani yake kuna ubunifu wa mwandishi mwenyewe. Kwa hiyo uchache peke yake haukuokoi. Linaloulizwa ni umechukua sehemu gani, kwa kazi gani, na je, mtu akishasoma andiko lako bado ana sababu ya kuitafuta kazi ya asili? Kama hana, umekaa kwenye kiti cha mwenyewe.

Kipande kimoja, matumizi manne

Tuseme kuna makala ya maneno 1,200 kuhusu kukosa usingizi, na ndani yake mna aya hii, ambayo nimeitunga kwa ajili ya mfano:

> Saa nane za usiku si saa ya mtu yeyote. Wa jana wamekwisha kulala, wa kesho hawajaamka, na wewe uliyebaki katikati unasikia friji ikinguruma kama mtu mwenye la kusema. Unahesabu pumzi. Ukifika mia moja unagundua kwamba aliyekuwa akihesabu naye hajalala.

Mtu wa kwanza anaibandika aya nzima, juu yake anaandika "Nimeipenda hii!", chini yake jina la mwandishi. Maneno 39 kati ya 1,200. Amemtaja, amesifu, wala hapati hata senti. Lakini sauti yake yeye ni maneno mawili, na kazi yote inafanywa na aya ya mwenzake. Waandishi wengi wangemwachia tu, na nadhani ningemwachia hata mimi. Kuachiwa, hata hivyo, ni hisani. Akiendelea hivyo aya baada ya aya, makala yote itakuwa imehamia kwake.

Mtu wa pili ameambiwa asinakili, basi anabadilisha maneno:

> Saa tisa za usiku ni saa isiyo na mwenyewe. Walioishi jana wameshalala, watakaoishi kesho bado hawajainuka, nawe uliyeachwa kati unalisikia jokofu likiunguruma kama mtu mwenye neno.

Huyu ndiye anayenisumbua zaidi kwenye miswada. Anadhani amejisafisha kwa sababu hakuna sentensi inayofanana moja kwa moja. Lakini tazama mfuatano: saa isiyo na mwenyewe, watu wa jana, watu wa kesho, aliye katikati, friji inayotaka kusema. Wazo kwamba usiku wa manane ni mpweke ni la kila mtu. Picha hizi, kwa mpangilio huu, ni za mwandishi mmoja, na kubadili "friji" kuwa "jokofu" hakuzifanyi kuwa zako. Dalili ya kujikamata ni rahisi: ukiona umeandika huku chanzo kiko wazi pembeni na macho yanakwenda na kurudi, unanakili. Funga chanzo, pita siku moja, eleza jambo kwa kumbukumbu, kisha rudi ukaangalie tu kama ukweli hujaupotosha.

Mtu wa tatu anaandika uchambuzi:

> Wengi huandika kukosa usingizi kama vita kati ya mtu na kitanda chake. Mwandishi huyu hapigani, anahesabu pumzi. Tunatarajia hesabu imlaze, naye anatugeuzia kibao: "unagundua kwamba aliyekuwa akihesabu naye hajalala". Nafsi imekuwa mbili, mmoja anahesabu, mwingine anamwangalia. Ni sentensi nzuri, lakini inamponza, kwa sababu kuanzia hapo makala inasahau mwili uliochoka na kubaki na mchezo wa akili.

Maneno yaliyochukuliwa ni sita. Yamo ndani ya alama za kunukuu, na yamewekwa pale ambapo hoja inahitaji msomaji ayaone yenyewe, kwani anachojadili ni namna sentensi ilivyojengwa. Weka kidole juu ya nukuu: uchambuzi unapungua nguvu, lakini bado upo. Fanya hivyo kwa mtu wa kwanza, na ukurasa unabaki mtupu. Akiongeza jina la mwandishi, kichwa cha makala na mahali ilipotoka, mtu wa tatu amemaliza kazi yake, na hakuhitaji kumwomba mtu ruhusa.

Mtu wa nne amesoma makala ile, akaamua kuandika yake kuhusu usiku alioukesha akimwuguza mama yake. Hakuna friji, hakuna watu wa jana na wa kesho. Amechukua mada tu. Huyu hadaiwi nukuu wala ruhusa. Akitaka kumshukuru aliyemwamsha wazo, ni uungwana wake.

Kuandika nukuu yenyewe

Hapa sina mengi. Nukuu fupi iingie ndani ya sentensi yako kwa alama za kunukuu. Nukuu ya mistari kadhaa itengwe kama aya yake, imeingia ndani kidogo, bila alama. Taja mwandishi, kichwa cha kazi, mwaka, na ukurasa au kiungo, karibu na nukuu yenyewe. "Chanzo: mtandaoni" si chanzo, kama vile "duniani" isivyo anwani.

Ila usahihi una mtego mmoja unaostahili kutazamwa. Ukikata maneno katikati, weka vitone vitatu. Ukiongeza neno lako ili sentensi ieleweke, liweke ndani ya mabano ya mraba. Sasa angalia tukikata vibaya: "Saa nane za usiku … saa ya mtu yeyote." Vitone vipo, kanuni imefuatwa, na neno lililomezwa ni "si". Mwandishi amesemeshwa kinyume cha alichosema. Kila ukikata, soma kilichobaki kwa sauti kisha soma cha asili, uone kama vinakubaliana.

Mashairi na maneno ya nyimbo yaogope zaidi. Beti moja kati ya nne ni robo ya kazi, na mara nyingi ni ile iliyobeba kiini. Mstari au miwili unayoichambua ni sawa. Shairi zima kama pambo la mwanzo wa sura linahitaji ruhusa. Tafsiri nayo: haki ya kutafsiri ni ya mwenye kazi, kwa hiyo makala nzima uliyoigeuza kutoka lugha nyingine ni kunakili, hata kama ulikesha ukitafuta maneno. Sentensi unayoinukuu unaweza kuitafsiri mwenyewe, ukisema hivyo. Ukitumia tafsiri ya mtu, mtaje na mtafsiri, kwa sababu naye ana haki juu ya tafsiri yake.

Unapohitaji zaidi ya nukuu

Omba. Kwa kitabu, anza na mchapishaji, ambaye kwa kawaida ndiye ameshika haki au anajua aliyeishika. Kwa makala, mwandikie mwandishi au mhariri. Ombi linalojibiwa haraka ni lile lisilomlazimisha msomaji wake kuuliza maswali:

> Naomba ruhusa ya kuchapisha aya mbili kutoka makala yako (kichwa, tarehe), kuanzia "Saa nane za usiku" hadi "naye hajalala", jumla ya maneno 39. Zitatokea katika kitabu changu kuhusu usingizi, kwa Kiswahili, kwa karatasi na kwa kielektroniki, nakala 500 za kwanza. Jina lako na kichwa cha makala vitawekwa chini ya ukurasa huo huo. Kama kuna malipo au maneno maalumu ya kukutaja, tafadhali nijulishe.

(Nimeandika "aya mbili" makusudi. Rudi juu uhesabu: ni aya moja. Kosa la aina hiyo ndilo linalofanya ruhusa irudi imeandikwa kwa kitu kisichokuwepo, kwa hiyo hakiki kabla hujatuma.) Jibu likija, litunze kwa maandishi. Lisipokuja, huna ruhusa. Kimya hakihesabiki kama ndiyo, hata baada ya barua tatu.

Na ukikuta kazi yako imechukuliwa, kwanza piga picha ya skrini inayoonyesha anwani ya ukurasa na tarehe, kabla hujasema neno, maana ukurasa unaweza kufutwa. Weka kando rasimu zako na barua pepe ulizotuma nazo. Hizo ndizo zinazoonyesha nani alianza. Kisha mwandikie aliyechukua, kwa upole, ukitaja unachotaka: aondoe, apunguze, au alipe. Akikaidi, mitandao mikubwa ina fomu za malalamiko ya hakimiliki, na baada ya hapo kuna ofisi ya hakimiliki ya nchi au wakili.

Yule wa kwangu hakufika huko. Nilimwuliza ni sentensi gani hasa iliyomfanya aichukue makala. Alifikiri siku mbili, akaitaja. Kisha akaondoa vyote, akabakiza sentensi hiyo moja pamoja na kiungo, na chini yake akaandika aya tatu za kwake akieleza kwa nini hakubaliani nayo.